Ardhi haijikopeshi joto

*Shikamoo mwalimu. Naambiwa gesi zinanyonya joto linalotoka ardhini, halafu zinalitoa tena, nusu juu nusu chini. Hesabu hii hainiingii. Joto ni la ardhi yenyewe. Ikirudishiwa nusu, si bado imepoteza nusu? Ni kama mtu kujikopesha pesa zake mwenyewe akasema ametajirika. Na huko juu hewa ni baridi. Kitu baridi kinampashaje moto aliye na joto kukishinda? — Dereva wa teksi, Kisauni*

Marahaba. Kwa kuwa wewe ni mtu wa gari, tuanzie kwenye gari lililolala nje.

Uani kwetu, hapa Tudor, hulala magari mawili. Moja liko chini ya mwembe, la pili liko peupe. Mwezi wa Julai au Agosti, usiku ukiwa hauna wingu na kusi imetulia, ukitoka alfajiri kwenda msikitini utalikuta gari la peupe limelowa chapachapa. Maji yanatiririka kwenye kioo, na ukipitisha kidole juu ya paa unaweza kuandika jina lako. La chini ya mwembe ni kavu. Jirani yangu hushikilia kwamba umande umeanguka kutoka juu na majani yameukinga. Lakini umande hauanguki. Ni mvuke uliokuwa tayari hewani, ukagusa kitu kilichopoa kuliko hewa na kugeuka maji palepale, kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Basi cha kuuliza ni kwa nini paa la peupe lilipoa kuliko hewa inayolizunguka, na la chini ya mwembe halikupoa. Hewa ni ileile, unyevu ni uleule, na rangi ya magari yote mawili ni nyeupe.

Kila kitu chenye joto lolote, hata kikiwa baridi mkononi, kinatoa mionzi. Jua likiwa na nyuzi kama 5,500 usoni mwake linatoa mionzi tunayoiona. Paa la gari, ukuta, mwembe na ngozi yako, vyote vikiwa na nyuzi ishirini na kitu au thelathini, vinatoa mionzi ya joto tusiyoiona, yenye mawimbi marefu kuliko yale ya jua kwa takriban mara ishirini. Na si kidogo. Mita mraba moja ya kitu chenye nyuzi 27 inatoa karibu wati 460, usiku na mchana bila kupumzika. Hizo ni kama balbu nane za wati 60 zinazowaka juu ya bodi ya gari lako. Paa haligandi kwa sababu nalo linaangaliwa na vitu vingine vinavyolitumia mionzi yao. Hasara yake halisi ni tofauti kati ya kinachotoka na kinachoingia.

Gari la mwembeni linaangaliwa na majani, na majani yana joto linalokaribia sana la hewa. Paa linatoa wati mia nne na kitu, majani yanalipa mia nne na kitu, tofauti ni ndogo, na paa linabaki na joto la hewa. Gari la peupe linaangaliwa na anga. Anga nalo linalipa, ila linalipa pungufu. Saa baada ya saa upungufu ule unakusanyika, bati linashuka chini ya joto la hewa, na mvuke unaanza kugeuka maji juu yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya pili ya swali lako. Mwembe haukuwa na joto kuliko gari. Usiku kama ule majani ya juu, yanayoangalia anga, hupoa kabla ya kitu kingine. Hata hivyo gari lililo chini yake limeamka na joto kuliko mwenzake. Mwembe haukulipasha gari moto kama jiko linavyopasha sufuria, umepunguza tu hasara yake. Joto, ukipiga hesabu ya kwenda na kurudi, bado linatoka kwa mwenye nalo zaidi na kwenda kwa mwenye nalo kidogo, kama kanuni inavyotaka. Wastani wa dunia nzima uko hivyo hivyo: uso wa ardhi na bahari unatoa karibu wati 400 kwa kila mita mraba, anga linarudisha chini karibu 340, na tofauti inayobaki inakwenda juu. Kitu baridi hakijawahi kumshinda aliye moto hapa.

Anga unaweza kulipima mwenyewe. Mpwa wangu ni fundi wa friji na ana kile kipimajoto cha bastola, kinachosoma joto la kitu kwa mbali kwa kupokea mionzi yake. (Zile bastola tulizoelekezewa paji la uso wakati wa korona hazifai. Nyingi zimewekewa mipaka ya joto la mwili, na ukiielekeza juu itakuandikia Lo basi.) Usiku mmoja tulipanda darini tukakielekeza juu moja kwa moja. Hewa ilikuwa na nyuzi 25. Palipokuwa wazi, kati ya nyota, kiliandika nyuzi 3. Likapita wingu zito la chini, kikaandika 17. Tukakielekeza kwenye majani ya mwembe, kikaandika 24.

Fikiria ile nyuzi 3 inatoka wapi. Nyuma ya hewa hakuna kitu ila anga za mbali, ambako joto liko karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Kama hewa ingekuwa kioo safi mbele ya mionzi ya joto, kifaa kingeshindwa kusoma kabisa. Kilichosomwa ni mionzi ya gesi zenyewe, hasa mvuke wa maji, ambao hapa pwani hatuna uhaba nao. Na kifaa kile hata kinapunja, kwa sababu kimetengenezwa kuangalia kwenye mawimbi yale ambayo hewa huyapitisha kwa urahisi zaidi, ili unyevu uliopo kati yake na friji usikipotoshe. Mionzi inayorudi kwa mawimbi mengine ni mingi kuliko inavyoonyesha nyuzi 3.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo unapokwama. Ulichosahau ni kwamba ardhi ina mshahara, na mwajiri ni jua. Anayejikopesha pesa zake bila kipato kingine hatajirika, hilo ni kweli. Lakini mtu anayeingiziwa mshahara kila siku bila kukosa, kisha sehemu ya matumizi yake ikawa inamrudia, hesabu yake ni nyingine kabisa. Tuipige pole pole, kwa tarakimu zenyewe.

Ukichukua nuru ya jua inayoifikia sayari na kuigawa sawa kwa mchana na usiku, ikweta na ncha za dunia, kila mita mraba inapata wati kama 340. Karibu 100 zinarudi angani bila kazi, zimepigwa na mawingu, mchanga na barafu. Zinabaki 240. Huo ndio mshahara. Tuseme kwanza hakuna gesi yoyote inayonyonya mionzi ya joto. Ardhi ikipokea 240 itapanda joto hadi nayo itoe 240, kisha itulie. Mwili unaotoa wati 240 kwa mita mraba una joto la nyuzi 18 chini ya sifuri. Maji ya Kilindini yangekuwa barafu.

Sasa tutandike shuka moja ya gesi juu ya ardhi nzima. Shuka hii inapitisha nuru ya jua yote lakini inanyonya mionzi yote ya joto inayotoka chini, halafu inatoa nusu juu na nusu chini, kama ulivyosema. Siku ya kwanza ardhi inatoa 240. Shuka inazinyonya, inatuma 120 angani na 120 chini. Hapo ndipo wewe ulipofunga daftari. Usifunge bado. Ardhi sasa inapokea 240 za jua, ambalo halijapunguza kitu, na 120 za shuka. Jumla 360. Inapokea 360 na inatoa 240 tu, kwa hiyo lazima ipande joto, na itapanda mpaka itoe 360, yaani kufikia nyuzi kama 9.

Lakini ikitoa 360, shuka inanyonya 360, inatuma 180 juu na 180 chini. Ardhi inapokea 240 na 180, jumla 420, inapanda tena hadi nyuzi 20. Duru ya tatu shuka inarudisha 210, ardhi inafika 450. Duru ya nne inarudisha 225. Unaona nyongeza inavyopungua kila mara kwa nusu: 120, 60, 30, 15. Haiendi bila mwisho. Inatua pale shuka inaporudisha 240 chini na kutuma 240 juu, na ardhi inatoa 480. Joto lake hapo ni nyuzi 30.

Kagua daftari sasa. Sayari inapokea 240 kutoka kwa jua na inatuma 240 angani, hakuna hata wati iliyozuliwa. Ardhi inapokea 480 na kutoa 480. Shuka inanyonya 480 na kutoa 480, nusu huku nusu kule. Kila daftari limelingana, na ile nusu kwa nusu uliyoiona kama hasara ndiyo iliyotufikisha hapa. Ili nusu itokayo juu ifike 240, ardhi ililazimika kutoa mara mbili yake.

Na joto lililoipandisha ardhi kutoka 18 chini ya sifuri hadi 30 lilitoka wapi? Lilitoka kwa jua, wakati daftari la sayari lilipokuwa halijalingana. Rudi duru ya kwanza: jua linaleta 240, angani zinatoka 120 tu. Hizo 120 nyingine hazikupotea, zimebaki chini, zikapasha udongo na maji. Duru ya pili zinatoka 180, kwa hivyo zinabaki 60. Akiba inajengwa katika kipindi hiki tu, kisha inatulia. Hiki ndicho kinachoendelea sasa duniani: gesi zimeongezeka, kinachotoka ni pungufu kidogo kuliko kinachoingia, na karibu tisa kwa kumi ya joto linalobaki linaingia baharini. Kwa hiyo ardhi haikujikopesha kitu. Imechelewa tu kutumia mshahara wake hadi akiba ikatuna.

Shuka yangu ni ya darasani. Hewa halisi haizibi mawimbi yote, na joto pia linapanda na hewa yenyewe na kwa mvuke unaokwenda kuwa mawingu. Ndiyo maana wastani wa dunia ni nyuzi kama 15, si 30. Lakini kati ya 15 na ile 18 chini ya sifuri kuna nyuzi 33, na hizo ndizo tunazodaiwa na gesi.

Gesi zipi? Hapa wengi hushangaa, kwa sababu hewa karibu yote haimo kwenye kazi hii. Nitrojeni ni asilimia 78 na oksijeni 21, na zote mbili huiacha mionzi ya joto ipite kama haipo. Kila molekuli yao ni atomu mbili za aina moja zilizoshikana, kulia kama kushoto. Mawimbi ya mionzi hushika kitu kwa umeme wake, na molekuli yenye pande mbili zilizo sawa kabisa haina pa kushikwa, hata ikitikisika. Kaboni dayoksaidi, ambayo wengi wetu huiita hewa ya ukaa, ina atomu tatu mstarini: oksijeni, kaboni katikati, oksijeni. Umewahi kumuona muuza maji wa zamani amebeba mzega, madebe mawili huku na huku na bega katikati? Akitembea, mti unapinda: bega linapanda, madebe yanashuka, kisha kinyume chake. Molekuli hii inapinda vivyo hivyo, mara trilioni 20 kwa sekunde. Kwa kuwa kaboni ina umeme tofauti kidogo na oksijeni, kila ikipinda umeme wake unayumba, na hapo ndipo wimbi lenye mwendo huohuo linapoidaka. Wimbi hilo lina urefu wa mikromita 15, na liko katikati kabisa ya mionzi ambayo ardhi hutoa kwa wingi. Mvuke wa maji una miyumbo yake mingine, tena mingi zaidi.

Usidanganywe na uchache wake. Kaboni dayoksaidi ni molekuli kama 420 katika kila milioni, lakini hewa iliyo juu yako ni nyingi. Ungeitenga peke yake na kuilaza chini kwa mgandamizo wa hapa pwani, ingefanya tabaka la mita tatu na nusu hivi, kimo cha chumba cha nyumba ya Mji wa Kale. Kwa wimbi la mikromita 15 tabaka hilo ni ukuta mtupu. Matone machache ya bluu ya kufulia hayafiki hata sehemu moja katika elfu ya ndoo, na bado huioni sakafu ya ndoo vizuri.

Hapa naomba nirekebishe jambo ambalo hata walimu tunalisema kwa mkato. Tukisema gesi inanyonya kisha inatoa tena, mtu anaona molekuli imedaka mionzi, imeishika, ikairusha nyuma kama mpira. Hapa chini karibu haitokei hivyo. Molekuli iliyodaka wimbi ingehitaji sehemu ya sekunde ndefu kiasi, kwa kipimo chao, kabla ya kuitoa yenyewe, na katika muda huo inagongana na jirani zake mamilioni kwa mamilioni ya mara. Karibu kila mara inaporwa nguvu ile na nitrojeni au oksijeni, na hewa nzima ya mahali pale inapata joto. Upande wa pili, migongano hiyohiyo inazitikisa molekuli nyingine za kaboni dayoksaidi na mvuke, na chache kati yao zinafanikiwa kutoa mionzi kabla hazijaporwa. Kwa hivyo gesi haikumbuki ilichopewa. Inatoa kulingana na joto la hewa ilipo. Ikiwa kwenye hewa ya moto inatoa kwa wingi, ikiwa kwenye hewa ya baridi inatoa haba. Shika hilo, kwa sababu kilichobaki chote kinalitegemea.

Maana hewa si shuka moja. Ni shuka juu ya shuka, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyopoa, wastani nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita. Hilo hatuhitaji kwenda mbali kuliona. Sisi hapa tunatoka jasho la nyuzi 30, na Kilimanjaro, jirani yetu wa nyuma ya Taveta, ana theluji kichwani kwa mita 5,895. Mionzi ya mikromita 15 iliyotoka kwenye lami ya barabara ya Malindi haifiki angani kamwe. Inanyonywa hapahapa chini, hewa inatoa nyingine, ile nayo inanyonywa juu kidogo, na hivyo hivyo tabaka hadi tabaka. Inayofanikiwa kutoka kwenda zake ni ile iliyotolewa na tabaka la juu sana, mahali gesi imekuwa nyepesi hata hakuna tena wa kuizuia. Na tabaka hilo ni baridi, kwa hivyo inayotoka ni haba.

Hili limepimwa. Setilaiti Nimbus 4 ilirushwa mwaka 1970, mwaka uleule ambao kutoka Ngomeni, kule Malindi, Waitaliano na Wamarekani walirusha ile nyingine iliyopewa jina letu, Uhuru. Uhuru ilikwenda kutazama nyota, Nimbus 4 iliangalia chini na kuichambua mionzi ya dunia wimbi kwa wimbi. Ilipopita juu ya Sahara mchana, kwenye mawimbi ambayo hewa huyapitisha iliona mchanga wenyewe, wenye joto la nyuzi kama 47. Kwenye mikromita 15, mahali palepale na wakati uleule, iliona kitu chenye nyuzi kama 53 chini ya sifuri. Mchoro wake una shimo, kama mkate uliong'atwa. Haukuwa mchanga wa Sahara ulioganda. Setilaiti ilikuwa ikiona kaboni dayoksaidi ya juu kabisa, yenye baridi, na chochote kilichotoka chini yake kilikuwa kimefichwa nyuma yake. Kile kipande kilichong'atwa ni joto ambalo halikutoka.

Sasa utaniuliza, na ungekuwa na haki: kama mikromita 15 tayari ni ukuta, kuongeza gesi kunaongeza nini? Ukuta ni ukuta. Msweden Knut Ångström alileta hoja hiyo mwaka 1900, na kwa miaka mingi wataalamu wengi wakaikubali. Kosa lake ni kuhesabu kama shuka ni moja. Ukiongeza gesi, chini hapabadiliki sana, ni kweli. Kinachobadilika ni juu: lile tabaka la mwisho, mlango wa kutokea, linasogea juu zaidi, kwa sababu pale lilipokuwa sasa pana gesi nyingi mno. Juu zaidi ni baridi zaidi, na tulishakubaliana kwamba penye baridi gesi hutoa haba. Na pembezoni mwa mikromita 15, ambako ukuta ulikuwa na nyufa, nyufa zinazibika. Sayari inapokea 240 lakini inatoa pungufu. Ni ile duru ya kwanza ya shuka, ila kwa kiasi kidogo. Akiba inaanza kujengwa, hewa inapanda joto kutoka chini hadi kwenye mlango ule mpya, mpaka nao utoe tena 240.

Kiasi chenyewe ni hiki. Ukiizidisha kaboni dayoksaidi mara mbili ya ile molekuli 280 kwa milioni iliyokuwapo kabla ya viwanda, kinachotoka kinapungua kwa karibu wati 4 kwa mita mraba. Peke yake hiyo ingepandisha joto kama nyuzi moja na kidogo. Lakini hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, na mvuke nao ni gesi ya kazi hii hii, kwa hiyo nyongeza inazaa nyongeza. Barafu ikipungua na mawingu yakibadilika, nayo yanatia mkono. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria nyuzi 3 kuwa makisio bora, na kuna uwezekano mkubwa ukweli uko kati ya 2.5 na 4. Upana huo wa makisio unatokana zaidi na mawingu. Fizikia ya mzega haina ubishi mkubwa.

Neno moja kuhusu jina. Tunasema kivungulio, tukilinganisha na zile nyumba za plastiki wanazopandia nyanya. Jina limeshazoeleka, siligombi, lakini nyumba ya plastiki hupata joto hasa kwa sababu hewa iliyopata moto ndani haina pa kutokea. Teksi yako ukiiacha vioo juu saa saba mchana Kongowea inafanya vivyo hivyo, na ukishusha vioo viwili unaona joto linavyokimbia. Anga halina vioo vya kushusha. Hewa yake inapanda na kushuka itakavyo. Kinachozuiwa huko ni mionzi.

Kama bado una shaka, lijaribu kwa gari lako. Chagua usiku wa nyota, usio na upepo, ulaze gari mahali ambapo hakuna mti wala ghorofa ya kulikinga. Tandaza leso kama futi moja juu ya nusu ya boneti, ifungwe kwa vijiti au viti viwili, pembeni kuwe wazi ili hewa ipite. Usiiguse boneti kwa leso. Boneti nayo iwe imepoa kabisa, maana ukitoka kazini saa nne za usiku injini itakupa jibu la uongo hadi saa nane. Alfajiri pitisha kiganja. Upande uliokuwa chini ya leso utakuwa mkavu, au una unyevu kidogo tu, wa pili utalowesha mkono, na leso yenyewe utaikuta imelowa juu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiangalia anga. Usiku wa mawingu usijisumbue: pande zote mbili zitaamka kavu.